HESABU YA BAMBA LA FELEJI
Jinsi ya kujua uzito wake kabla ya kulinunua, kulipakia au kuliinua

Kandokando ya barabara kuu itokayo Likoni kuelekea Lunga Lunga, hasa pale Ukunda penye njia panda ya kwenda Diani, zipo karakana nyingi za mafundi wa kuchomelea vyuma. Milango ya mageti, fremu za madirisha, matela ya kukokotwa na matangi ya maji hutengenezwa hapo. Mabamba ya feleji, yaani yale ya chuma kigumu ambacho mafundi wengi hukiita chuma tu, aghalabu hununuliwa Mombasa, huvushwa kwa feri ya Likoni, kisha huletwa kusini kwa gari. Basi kila fundi hana budi kujua jambo moja kabla ya kufunga safari: bamba hilo lina uzito gani?

Mizani ya kupimia mabamba haipatikani kila mahali, wala haihitajiki kila mara. Uzito wa bamba waweza kujulikana kwa utepe wa kupimia, kalipa na kalamu. Somo hili laeleza hesabu hiyo hatua kwa hatua, kwa mfano wa tangi la maji ambalo karakana moja ya Ukunda yaombwa kuitengenezea shule iliyoko upande wa Msambweni. Mfano huu umebuniwa kwa ajili ya somo, lakini vipimo vyake ni vile vile vinavyotumika madukani na karakanani kila siku.

Feleji na maji

Kila kitu kina uzito wake kwa kadiri ya nafasi kinayoijaza. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya feleji, yaani kipande cha feleji kinachojaza nafasi ile ile bila uwazi wowote ndani yake, kina uzito wa kilo 7.85. Kadiri hiyo ndiyo iitwayo msongamano. Kwa kipimo kikubwa zaidi, mita moja ya ujazo ya maji ni kilo 1,000, na mita moja ya ujazo ya feleji ni kilo 7,850.

Yafaa kuifikiria kwa debe. Debe la lita 20 likijazwa maji, mtu mwenye nguvu hulibeba kichwani kutoka kisimani, kwa kuwa maji yale ni kilo 20. Lakini lau debe lilo hilo lingekuwa pande moja la feleji tupu, uzito wake ungekuwa mara 20 ya 7.85, yaani kilo 157. Hapana mtu awezaye kulitwika. Hii ndiyo sababu bamba huwadanganya watu: ni jembamba, halijazi nafasi kubwa, na jicho huliona kuwa jepesi, kumbe ndani yake mna lita kadha wa kadha za feleji.

Tarakimu 7,850 ni ya feleji ya kawaida ya ujenzi, ile inayoshika kutu. Feleji za namna nyingine hutofautiana nayo kidogo. Feleji isiyoshika kutu, inayotumika katika majiko ya hoteli za Diani, huwa nzito zaidi kidogo, karibu kilo 7,900 au 8,000 kwa mita moja ya ujazo. Chuma cha kusubu huwa chepesi kidogo, karibu kilo 7,200. Alumini ni nyepesi kabisa, karibu kilo 2,700. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba bamba lililopo ni la feleji ya kawaida. Sumaku hukata shauri la alumini mara moja, kwa kuwa alumini haivutwi nayo.

Kanuni yenyewe

Bamba ni umbo lenye pande tatu za kupimwa: unene, upana na urefu. Pande hizo tatu zikizidishwa, hupatikana ujazo. Na ujazo ukizidishwa kwa msongamano, hupatikana uzito. Kwa maandishi ya hesabu:

Uzito = unene × upana × urefu × msongamano

Kanuni hii ina sharti moja tu, nalo ndilo linalowakosesha wengi: vipimo vyote vitatu sharti viwe vya namna moja. Maadamu msongamano umetajwa kwa kilo katika mita ya ujazo, basi unene, upana na urefu sharti viwe kwa mita vyote. Upana na urefu huleta taabu ndogo. Unene ndio huleta taabu kubwa, kwa kuwa dukani hutajwa kwa milimita, na milimita moja ni sehemu moja katika elfu ya mita. Milimita 6 ni mita 0.006. Sifuri mbili hukaa baada ya nukta, wala si moja, wala si tatu.

Bamba linalouzwa sana katika maduka ya vyuma ya Mombasa ni lile la futi 8 kwa futi 4. Ijapokuwa Kenya iliacha zamani futi na ratili katika vipimo vya serikali, jina hilo la "nane kwa nne" limebaki vinywani mwa wafanya biashara na mafundi. Kwa mita, bamba hilo huhesabiwa kuwa na urefu wa 2.44 na upana wa 1.22. Tuseme unene wake ni milimita 6. Hesabu yake ni hii:

0.006 × 1.22 × 2.44 × 7,850 = 140.2

Bamba hilo moja lina uzito wa kilo 140 na kidogo. Ni uzito wa magunia karibu matatu ya saruji ya kilo 50.

Njia fupi ya kichwani

Iko njia nyepesi zaidi ambayo huepusha sifuri hizo zote, na sababu yake yafaa kufahamika, ili mtu asiikariri tu kama kasuku. Chukua bamba lenye urefu wa mita moja na upana wa mita moja, na unene wa milimita moja. Ujazo wake ni sehemu moja katika elfu ya mita ya ujazo. Na sehemu moja katika elfu ya mita ya ujazo ni lita moja kamili. Basi mita moja ya mraba ya bamba la milimita moja ni lita moja ya feleji, nayo ina uzito wa kilo 7.85.

Kwa hiyo fundi aweza kuandika kanuni yake hivi: milimita za unene, mara mita za mraba, mara 7.85, ni kilo. Hapa unene hubaki kwa milimita kama unavyotajwa dukani, na hapana haja ya kuhesabu sifuri.

Bamba la nane kwa nne lina eneo la mita za mraba 2.977. Likizidishwa kwa 7.85, hupatikana 23.37. Maana yake ni kwamba kila milimita moja ya unene wa bamba hilo huleta kilo 23.37. Fundi akiandika tarakimu hii moja ukutani mwa karakana, atakuwa amekwisha kuhesabu mabamba yote ya nane kwa nne: la milimita 3 ni kilo 70, la milimita 6 ni kilo 140, la milimita 10 ni kilo 234.

Kosa la nukta, na namna ya kulitambua

Katika karakana ya mfano wetu, fundi mkuu alimpa mwanafunzi wake kazi ya kuhesabu uzito wa bamba moja la milimita 6. Kijana akashika simu yake, akapiga hesabu, akaleta jibu.

"Fundi, bamba moja ni kilo 1,402."

Fundi hakuishika simu ile wala hakumkemea. Alimwuliza, "Mwanangu, jana bamba kama hilo lilishushwa hapa na watu wangapi?"

"Watu wanne, Fundi."

"Basi kila mmoja wao alibeba kilo 350?"

Kijana akacheka, kisha akarudi kutazama hesabu yake. Alikuwa ameandika unene 0.06 badala ya 0.006. Nukta ilisogea mahali pamoja, na bamba likawa zito mara kumi. Lau angeandika 0.0006, angepata kilo 14, uzito ambao mtu mmoja hubeba kwapani. Nalo pia lisingekuwa kweli.

Hivyo ndivyo kosa la nukta linavyojulikana. Halikosei kidogo, hukosea mara kumi, mara mia au mara elfu. Kwa hiyo, kabla ya kuiamini hesabu ya simu, yafaa kuikadiria kwanza kwa tarakimu nzima. Eneo la bamba ni karibu mita za mraba 3. Unene ni 6. Msongamano ni karibu 8. Tatu mara sita ni 18, na 18 mara 8 ni 144. Jibu la kweli sharti liwe karibu na hapo. Jibu la 140 lapatana na kadirio. Jibu la 1,402 halipatani, na jibu la 14 vilevile.

Unene ndio wa kuangaliwa sana

Pande tatu za bamba hazina hatari sawa. Fundi akikosea urefu wa bamba la mita 2.44 kwa milimita 5, kosa lake katika uzito halifiki hata theluthi moja ya kilo. Lakini akikosea unene wa milimita 6 kwa nusu milimita tu, kosa lake ni kilo karibu 12 katika bamba moja. Sababu yake ni nyepesi: milimita 5 katika 2,440 ni sehemu ndogo mno, lakini nusu milimita katika 6 ni sehemu moja katika kumi na mbili. Basi urefu na upana hupimwa kwa utepe, lakini unene hautoshi kupimwa kwa rula wala kwa jicho. Sharti upimwe kwa kalipa au kwa mikromita.

Hata kwa chombo kizuri, mahali pa kupimia pana hila zake. Ukingo wa bamba lililokatwa kwa mkasi wa mashine huwa umekunjika kidogo na kuacha ncha kali. Ukingo uliokatwa kwa moto huwa na mabaki ya chuma kilichoyeyuka na kuganda. Kalipa ikibana hapo itasoma unene usiokuwapo. Yafaa kwanza kuusafisha ukingo kwa tupa, kisha kupima mahali panne au patano kuzunguka bamba, na kuchukua wastani.

Katika pwani ya kusini hila kubwa zaidi ni kutu. Upepo wa bahari huchukua chumvi, na bamba lililolazwa nje Diani au Msambweni hushika kutu upesi kuliko lililoko bara. Mtu aweza kudhani kwamba bamba lenye kutu hupungua unene, kwa hiyo kalipa itaonyesha upungufu. Mara nyingi huwa kinyume chake. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko ile ya feleji iliyoliwa, basi bamba huvimba. Kalipa yaweza kusoma milimita 6 na nusu, hali feleji nzima iliyobaki ndani ni milimita 5 tu. Kwa sababu hiyo kutu sharti ipigwe kwa nyundo ndogo na kusuguliwa kwa brashi ya waya hadi feleji safi ionekane, ndipo unene upimwe.

Kugeuza hesabu: kutoka uzito kurudi kwenye unene

Kanuni hii hufanya kazi kwa pande zote mbili. Ikiwa uzito unajulikana kwa mizani, na urefu na upana kwa utepe, basi unene waweza kupatikana kwa kugawanya. Hapa ndipo hesabu huokoa fedha.

Tuseme fundi wetu anunua Mombasa mabamba matano ya nane kwa nne, na mwenye duka asema ni ya milimita 6. Bei yake yamwekwa kwa kila bamba, kwa kukadiriwa kilo 140. Fundi aomba bamba moja lipandishwe mizani, nayo yaonyesha kilo 129. Agawanya 129 kwa 23.37, apata 5.52. Basi unene wa wastani wa bamba zima ni milimita 5 na nusu, wala si 6.

Si lazima pawe na udanganyifu. Viwanda vinavyosubu na kubana mabamba huruhusiwa tofauti ndogo, sehemu kadhaa za kumi za milimita, kwa kuwa hapana mashine ibanayo bamba kwa unene ule ule kabisa tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini upungufu wa karibu nusu milimita katika bamba la 6 ni wa kuulizwa. Kwa mabamba matano, fundi angelipia kilo 56 za feleji ambazo hakuzichukua. Na zaidi ya hayo, tangi lake lingekuwa na ukuta mwembamba kuliko alivyoahidi shule.

Tofauti yaweza kuwa ya upande wa pili pia. Mabamba mengine hutoka katika viwanda vinavyotumia mita tupu, nayo huwa na urefu wa mita 2.5 na upana wa mita 1.25. Kwa jicho ni kama ya nane kwa nne, lakini lile la milimita 6 lina kilo 147. Na mafundi wazee bado hutaja bamba la robo inchi. Wao walihesabu kwa ratili: futi moja ya mraba ya feleji yenye unene wa inchi moja ni ratili 40.8, basi ya robo inchi ni ratili 10.2. Robo inchi ni milimita 6.35, si 6. Na bamba la nane kwa nne la robo inchi lina kilo karibu 148. Mtu asiyetofautisha robo inchi na milimita 6 hukosea kilo 8 katika kila bamba. Kwa hiyo jina la dukani halitoshi. Utepe na kalipa ndivyo vya kuaminiwa.

Jambo moja zaidi kuhusu mabamba yenye nakshi za kuzuia kuteleza, yale yanayowekwa kwenye ngazi na sakafu za matela. Unene unaotajwa ni wa bamba lenyewe, bila vile vinundu. Kalipa ibane mahali pasipo na kinundu. Baada ya hapo ikumbukwe kwamba vinundu navyo ni feleji, basi bamba hilo litazidi kidogo hesabu ya bamba laini.

Tangi la shule

Sasa na tuitumie hesabu hii kwa kazi yenyewe. Tangi litakuwa la umbo la sanduku, lenye urefu wa mita 2.44, upana wa mita 1.22 na kimo cha mita 1.22. Umbo hili lilichaguliwa kwa sababu mabamba ya nane kwa nne hulitosha bila mabaki. Bamba moja ni sakafu. Mawili ni kuta ndefu. La nne hukatwa katikati, likatoa vipande viwili vya mita 1.22 kwa 1.22, navyo ni kuta fupi. La tano ni kifuniko. Mabamba matano ya milimita 6, kila moja kilo 140.2, ni kilo 701.

Kifuniko sharti kiwe na tundu la mtu kuingilia kusafisha. Fundi akata duara yenye kipenyo cha nusu mita. Duara nayo ni bamba. Tofauti ni katika kupata eneo lake tu. Nusu ya kipenyo ni mita 0.25, hiyo huzidishwa kwa nafsi yake, kisha kwa 3.1416, na kupatikana mita za mraba 0.196. Zidisha kwa 6 na kwa 7.85, nayo ni kilo 9 na robo. Kilo hizo zatolewa.

Kuta bapa za tangi hutokeza nje maji yanapozisukuma, basi hutiwa mbavu za vyuma vya pembe. Chuma cha pembe cha milimita 40 kwa 40, chenye unene wa 5, hakina fumbo lolote: ni vibamba viwili vyembamba vilivyoungana. Kimoja kina upana wa milimita 40. Cha pili, kwa kuwa unene wa kile cha kwanza umekwisha kuhesabiwa, ni milimita 35. Jumla ni milimita 75, yaani mita 0.075. Mita moja ya urefu wake ni 5 × 0.075 × 7.85, karibu kilo 2.94. Mita 12 ni kilo 35.

Basi feleji yote ni kilo 701, kutoa 9, kuongeza 35, yaani kilo 727. Viungo vya kuchomelea huongeza kilo chache, na mpini wa kifuniko na mabomba huongeza chache nyingine. Fundi mwenye hadhari huandika kilo 740 katika daftari lake.

Tarakimu hizi zilitumika mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa ni siku ya kwenda Mombasa. Gari la karakana ni pikapu ambalo mwenye kuliunda ameliwekea mpaka wa kilo 1,000, na ndani ya kilo hizo wahesabiwa pia watu. Mabamba matano ni kilo 701. Dereva na wasaidizi wawili, kwa kilo 75 kila mmoja, ni 225. Jumla ni 926, nazo zabaki kilo 74 za vyuma vya pembe na fimbo za kuchomelea. Safari yafaa. Lakini lau shule ingetaka mabamba ya milimita 8, kila moja lingekuwa kilo 187, na matano yangekuwa 935. Pamoja na watu, gari lingebeba kilo 1,160. Katika mteremko wa kuingia ferini Likoni, breki za gari lililozidishwa hivyo si za kuaminiwa, na mbele yake huwa pana umati wa watu waendao kwa miguu. Hapo ingebidi safari mbili.

Mara ya pili ilikuwa ni siku ya kuliinua tangi. Karakana ina mnyororo wa kuinulia wa nusu tani, na mwingine wa tani moja. Tangi tupu ni kilo 740. Kijana alikuwa amekwisha kuutundika ule wa nusu tani, kwa kuwa ni mwepesi kuupandisha. Fundi akamwonyesha daftari, akasema, "Soma mwenyewe." Kijana akausoma, akaushusha mnyororo, akautundika ule wa tani moja. Mnyororo uliozidiwa hautoi taarifa kila mara kabla ya kukatika, na bamba likianguka kwa ubapa huwaangukia watu wengi kwa pamoja.

Mara ya tatu ilikuwa ni kwa ajili ya mwashi aliyejenga mnara wa kuwekea tangi pale shuleni. Yeye hakuhitaji kujua uzito wa tangi tupu, bali wa tangi likijaa. Ujazo wa tangi ni 2.44 × 1.22 × 1.22, yaani mita za ujazo 3.632. Hizo ni lita 3,632, na maji ni kilo moja kwa lita. Kilo 3,632 za maji na kilo 740 za tangi ni kilo 4,372. Mnara una miguu minne, basi kila mguu huchukua karibu kilo 1,093, ikiwa mnara umesawazishwa vizuri. Hapa paonekana jambo la kushangaza kidogo: ijapokuwa feleji ni nzito karibu mara nane kuliko maji, katika tangi lililojaa ni maji yaliyo mzigo mkubwa, mara tano kuliko feleji. Mwashi aliyejenga kwa kutazama tangi likiwa tupu angejenga mnara wa kubeba sehemu moja tu katika sita ya mzigo wa kweli.

Mpaka wa hesabu hii

Hesabu ya uzito haimwambii fundi unene gani unafaa. Bamba la milimita 3 lingefanya tangi jepesi kwa nusu, lakini kuta zake zingetaka mbavu nyingi zaidi, na kutu ya pwani ingelitoboa mapema. Hayo huamuliwa kwa nguvu ya feleji, kwa msukumo wa maji na kwa rangi ya kuikinga, si kwa uzito. Vilevile rangi, kutu na unyevu havimo katika tarakimu 7.85. Ikiwa uzito hasa wahitajika kwa kulipa fedha, mizani ndiyo hakimu; hesabu ni shahidi wa kuonyesha kama mizani na mwenye duka wanasema kweli.

Maswali ya kujijaribu

1. Bamba la feleji lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na unene wa milimita 5. Lina uzito gani?

2. Bamba la nane kwa nne lina uzito wa kilo 91 mizanini. Mwenye duka asema ni la milimita 4. Je, asema kweli?

3. Pikapu ya kilo 1,000 imebeba watu wawili wa kilo 75 kila mmoja. Yaweza kubeba mabamba mangapi ya nane kwa nne ya milimita 6?

Majibu

1. Eneo ni mita za mraba 2. Mbili mara 5 mara 7.85 ni kilo 78 na nusu.

2. Gawanya 91 kwa 23.37, utapata 3.89. Upungufu ni sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Ni tofauti ya kawaida ya kiwanda; mwenye duka hana lawama.

3. Zimebaki kilo 850. Gawanya kwa 140.2, utapata 6 na kidogo. Mabamba sita ni kilo 841. La saba lingoje safari ya pili.